Emoji, Ujumbe wa Sauti na Vifupisho Unapoongea na Afisa wa Ajira kwa WhatsApp: Mwongozo Kamili

Afisa wa ajira anayekuandikia kwa WhatsApp mara nyingi siye atakayekuajiri. Yuko katika ofisi ya wakala, tuseme Westlands au Upper Hill, WhatsApp imefunguliwa kwenye kompyuta, na kando yake kuna jedwali la waombaji lenye safu za jina, mshahara unaotarajiwa, tarehe ya kuanza kazi na siku ya mahojiano. Unachomwandikia hukinakili kwenye jedwali hilo, au hupiga picha ya skrini na kumpelekea meneja wa kampuni inayotafuta mtu. Meneja huyo hajawahi kukusikia wala kukuona.

Nimekaa upande huo wa mazungumzo, na ndiyo maana swali la iwapo emoji ni adabu au utovu wa adabu halinisumbui sana. Nairobi ni mji ambamo afisa wa ajira mwenyewe anaweza kukuandikia "Sawa 😊" na asione tatizo lolote. Kipimo ninachotumia ni kingine: ujumbe wako ukichukuliwa peke yake na kupelekwa kwa mtu wa tatu, utaeleweka bila afisa kuongeza neno? Ukipita hapo, tuma. Usipopita, uandike upya, hata kama una heshima zote.

Hatua ya kwanza: tengeneza jina na mipangilio kabla hujajibu

Emoji ya kwanza anayoiona afisa huenda haimo kwenye ujumbe wako kabisa. Kama hajahifadhi namba yako, WhatsApp humwonyesha jina ulilojipa mwenyewe. Watu wengi walijipa jina hilo zamani, likiwa na taji, moto, bendera au jina la mtaani, na wakalisahau. Afisa anayetafuta mwombaji aliyetuma wasifu wenye majina matatu ya kitambulisho anakutana na alama mbili za moto na neno "Mfalme". Hawezi kukuoanisha na wasifu wako bila kulinganisha namba za simu, na siku yenye waombaji wengi huenda asijisumbue. Weka jina la kwanza na la ukoo kama yalivyo kwenye wasifu.

La pili hapa ni ujumbe unaotoweka. Ukiwa umewasha `Disappearing messages` kwa mazungumzo yote mapya, unachoandika hufutika baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, kulingana na ulivyochagua. Afisa anayerudi wiki ya pili kutafuta mshahara uliotaja hatakuta kitu. Fungua mazungumzo yake, gusa jina lililo juu, kisha uzime kipengele hicho kwa mazungumzo hayo. Wewe pia utahitaji kumbukumbu hiyo siku barua ya kazi itakapokuja na tarakimu tofauti na mlizokubaliana.

Mwisho, angalia kibodi. Nyingi zimewekewa Kiingereza pekee, zikabadilisha "sawa" kuwa "saw" na "niko" kuwa jambo lingine kabisa. Ongeza Kiswahili kwenye orodha ya lugha za kibodi, au uzime urekebishaji wa kujiendesha. Vurugu nyingi zinazodhaniwa ni uzembe wa mwandishi hutoka hapo.

Hatua ya pili: soma anavyoandika, ubaki hatua moja nyuma yake

Ujumbe wako wa kwanza uwe wa maneno matupu. Salamu, jina lako, nafasi mnayozungumzia, jibu la alichouliza. Baada ya hapo mtazame. Akiandika Kiingereza, jibu kwa Kiingereza. Akiandika Kiswahili, jibu kwa Kiswahili. Akichanganya, chagua lugha moja utakayoiandika bila kukwama. Akikuita kwa jina na kujitambulisha kwa jina lake, mwite "Bi." au "Bwana" kisha jina hilo, au "Madam" kama hujui jina. "Sis", "bro", "boss" na "mrembo" ziache, hata yeye akionekana ni rika lako.

Kubaki hatua moja nyuma maana yake ni hii: asipotumia emoji, usitumie. Akitumia moja mwishoni mwa sentensi, unaweza kutumia moja, tena ya aina ileile ya upole. Akikutumia kibandiko cha kuchekesha, huna haja ya kumrudishia kibandiko. Yeye ana nafasi ya kulegea kwa sababu hapimwi; kila neno lako linaweza kuwa sehemu ya kinachopimwa. Na hata alegee kiasi gani, meneja atakayepelekewa picha ya skrini hakuwepo mlipokuwa mkizoeana.

Hatua ya tatu: emoji ipambe sentensi iliyokamilika, isiwe jibu

Emoji inayoharibu kazi zaidi ni dole gumba, ambalo wengi hulidhani salama. Afisa anauliza, "Unaweza kuja Jumanne saa nne asubuhi au Jumatano saa nane mchana?" Mwombaji anajibu 👍. Amekubali siku gani? Afisa inabidi aulize tena, na wakati huo mwombaji mwingine aliyeandika "Nitakuja Jumanne" ameshachukua nafasi hiyo.

Dole lililobandikwa juu ya ujumbe wa afisa, yaani ile alama unayoichagua kwa kubonyeza ujumbe wake kwa muda, lina shida ya ziada. Limekaa juu ya maneno yake, si maneno yako. Akiupeleka ujumbe ule kwa meneja, alama yako haiendi nao. Akitafuta neno "Jumanne" kwenye mazungumzo, atapata swali lake mwenyewe na asione jibu lako. Tumia alama hiyo mahali pamoja tu: pale mazungumzo yameshafungwa, kwa mfano ameandika "Asante, tutaonana basi", na hakuna swali lililobaki.

🙏 ina hali yake. Kwetu hubeba shukrani, ombi na maombi kwa pamoja, na ikitumika mara moja baada ya "Nashukuru kwa kunifahamisha" haina ubaya. Zikiwa tatu mfululizo baada ya "Naomba unikumbuke", zinasomeka kama kuomba msaada, na afisa aliyekuwa akikuona mtaalamu anaanza kukuona mhitaji. 😂 na 😅 ziache kabisa mahali panapotajwa pesa, kuchelewa, pengo kwenye wasifu au sababu ya kuacha kazi ya awali. "Natarajia 45,000 😅" inamwambia msomaji kwamba hata wewe huiamini namba uliyoitaja, na mazungumzo ya kushusha yameanza kabla hujaitetea.

Kuna sababu ya kiufundi pia. Emoji huchorwa na kifaa au programu ya anayesoma, kwa hiyo sura uliyoituma si lazima iwe sura anayoiona. Zikinakiliwa kwenye mfumo wa zamani wa ofisi, baadhi hugeuka visanduku vitupu. Sentensi yako ikiwa haitegemei emoji, kisanduku hakidhuru kitu.

Hatua ya nne: andika namba na saa kwa ukamilifu, hata kama maneno mengine umefupisha

Wengi wakionywa kuhusu vifupisho hufikiria "xaxa", "cjui", "2taonana" na "nko". Hivyo kweli viache, kwa kuwa afisa atalazimika kuviandika upya kabla ya kumpelekea mtu mwingine. Lakini vinavyogharimu mtu kazi ni vifupisho vya namba, kwa sababu vinaonekana sahihi.

Anza na saa. Ukiandika "saa 4" Nairobi, msomaji mmoja anaelewa saa nne asubuhi na mwingine anaelewa saa kumi jioni, kwa kuwa mji huu unasoma saa ya Kiswahili na saa ya Kiingereza kwa siku moja, mara nyingine katika sentensi moja. Afisa aliyepanga ratiba yake kwa Kiingereza akiona tarakimu 4 ataiweka alasiri. Andika kwa njia mbili pamoja: "saa nne asubuhi, yaani 10:00 a.m." Ni maneno machache zaidi, na hayana tafsiri ya pili. Ukiongeza siku na tarehe, hata afisa aliyekosea wiki atagundua kosa kupitia ujumbe wako.

Kisha mshahara. "45k" inaeleweka na kila mtu, ila haisemi kama ni kabla au baada ya makato. Tofauti si ndogo. Mshahara wa Kenya hukatwa mchango wa bima ya afya ya jamii wa asilimia 2.75, ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, mchango wa NSSF, na kodi ya mapato kwa wanaofikia kiwango. Mwombaji anayemaanisha 45,000 mkononi na afisa anayeandika 45,000 kabla ya makato hawajakubaliana lolote, na wote wawili wataligundua siku ya barua. Andika: "KSh 45,000 kwa mwezi kabla ya makato."

Tarehe ya kuanza nayo. "Any tym" inapendeza masikioni, lakini kama bado umeajiriwa na unalipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka notisi ya maandishi ya siku 28, na mkataba wako unaweza kutaka zaidi. Afisa mzoefu akiona "any tym" kutoka kwa mtu aliye kazini anajiuliza kama utamtoroka mwajiri wako, na kama siku moja utawatoroka wao. Taja notisi: "Niko kazini sasa, natakiwa kutoa notisi ya mwezi mmoja."

Vifupisho vinavyokubalika ni majina rasmi ambayo kila ofisi ya Kenya inayajua: KRA, NSSF, SHA, KCSE, na cheti cha taaluma chenye kifupisho chake. Hivyo viandike kwa herufi kubwa kama vilivyo. Kuvirefusha kunampotezea afisa muda, kwani ndivyo vilivyo kwenye jedwali lake.

Hatua ya tano: ujumbe wa sauti utumwe kwa ruhusa, na uandamane na maandishi

Fikiria afisa yuko kwenye ofisi ya meza nyingi zisizo na kuta. Ujumbe wako wa sauti wa dakika mbili hawezi kuufungua bila visikizi au bila kuinua simu sikioni. Hawezi kuupitisha macho ili apate siku unayoweza kuja. Lazima asikilize hadi huko, hata akiharakisha kasi mara mbili. Hawezi kuutafuta kwa neno wiki ijayo. Hawezi kuunakili kwenye jedwali. Kwa hiyo anauahirisha hadi apate nafasi, na mwombaji anaona alama ya kipaza sauti haijageuka buluu, anafikiri anapuuzwa.

Kuna hali ambazo sauti inafaa kweli. Ya kwanza ni pale afisa ameitaka. Kazi za kuhudumia wateja kwa simu huanza hivyo mara nyingi: utaambiwa ujitambulishe kwa sauti kwa Kiingereza na Kiswahili, na ujumbe huo ndio mchujo wenyewe. Ya pili ni kama kuandika ni vigumu kwako kwa sababu ya macho, mikono au jambo jingine. Hapo sema kwa maandishi mafupi, au mtu akusaidie kuandika: "Kuandika kwangu ni kugumu kidogo, je, naweza kujibu kwa sauti?" Afisa mwema atakubali, na atajua asubiri nini. Ya tatu ni pale yeye ametangulia kukutumia sauti na jibu linahitaji maelezo. Hata hapo, kama jibu ni siku au namba, andika.

Ukitakiwa kurekodi, usirekodi ndani ya matatu wala kando ya barabara. Muziki na honi ukivizoea huvisikii tena, ila kipaza sauti kinavisikia. Chumba chenye pazia, godoro au nguo nyingi hupunguza mwangwi kuliko sebule tupu. Andika kwanza vichwa vitatu vya mambo utakayosema. Bonyeza kipaza sauti, kivute juu hadi kufuli ili usishikilie kidole, zungumza, kisha simamisha na usikilize kabla ya kutuma. WhatsApp inakuruhusu kufanya hivyo, na nashangaa jinsi wachache wanavyojisumbua. Ukisikia umeanza na "aaah, yaani, sasa…", futa uanze tena.

Taja jina lako kamili na nafasi ndani ya sekunde za mwanzo, kwa sababu ujumbe huo ukipelekwa kwa meneja utafika bila jina lako. Usipite dakika moja isipokuwa umeambiwa muda mwingine. Halafu mara moja andika chini yake mstari mmoja unaobeba kiini: "Hapo juu nimejitambulisha kwa Kiswahili na Kiingereza kwa nafasi ya huduma kwa wateja. Naweza kuanza tarehe 1." Mstari huo ndio utakaonakiliwa.

Mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho

Kampuni ya Eneo la Viwandani inatafuta msimamizi wa stoo. Afisa anaandika:

"Habari. Umeteuliwa kwa mahojiano ya msimamizi wa stoo. Unaweza kuja Jumanne tarehe 14 saa nne asubuhi au Jumatano tarehe 15 saa nane mchana? Nijulishe pia mshahara unaotarajia na lini unaweza kuanza."

Mwombaji wa kwanza anabandika dole juu ya ujumbe huo. Baada ya nusu saa anaandika, "Niaje madam, 45k bt tunaeza ongea 😅". Kisha anatuma sauti akiwa njiani, akieleza kwamba bado yuko kazini lakini bosi wake ni mtu wa kuelewana, na kwamba Jumanne itakuwa bora kama foleni ya Mombasa Road haitakuwa mbaya. Huyu mtu anaijua kazi ya stoo na ana nia. Lakini tazama jedwali la afisa: safu ya siku haina kitu hadi sauti isikilizwe, na ikisikilizwa jibu ni "Jumanne, labda". Safu ya mshahara ina 45,000 yenye alama ya kuuliza. Safu ya kuanza kazi ina neno "kuelewana". Hakuna hata ujumbe mmoja anaoweza kumpelekea meneja ulivyo.

Mwombaji wa pili, mwenye uzoefu uleule, anaandika:

"Habari za mchana, Madam. Nashukuru kwa kuniteua. Nitakuja Jumanne tarehe 14, saa nne asubuhi (10:00 a.m.). Mshahara ninaotarajia ni KSh 45,000 kwa mwezi kabla ya makato, na niko tayari kuujadili. Kwa sasa nimeajiriwa na natakiwa kutoa notisi ya mwezi mmoja. Naomba kujua jengo na ghorofa ya mahojiano."

Afisa anajibu, "Asante sana 😊 nitakutumia ramani." Hapa mwombaji anaweza kuandika "Asante, nasubiri 😊" au kubandika dole, vyote sawa, kwa kuwa swali limekwisha. Ramani ikifika aandike tena kwa maneno: "Nimeipata. Tutaonana Jumanne saa nne asubuhi." Na siku yenyewe akikwama barabarani, asitume sauti ya kelele za magari wala 😭. Aandike alipo na saa atakayofika: "Niko Nyayo Stadium, foleni haiendi. Nitafika saa nne na robo, 10:15. Samahani." Afisa atampelekea meneja sentensi hiyo ilivyo.

Ona kwamba ujumbe wa pili ni mmoja. Wengi huvunja jibu vipande saba, kila kimoja na mlio wake: "Habari", "Madam", "Nimeona", "Jumanne", "Ni sawa". Afisa hawezi kupeleka vipande saba. Andika kwenye sehemu ya kumbukumbu za simu kwanza, usome, kisha unakili na kutuma.

Ukishatuma kosa

Ujumbe wa maandishi unaweza kuuhariri ndani ya dakika 15. Bonyeza ujumbe kwa muda, chagua kuhariri, rekebisha. Utakuwa na alama ndogo kwamba umehaririwa, na hilo halina aibu. Tumia nafasi hiyo kwa "xaxa" iliyoteleza au tarehe iliyokosewa. Kama ni tarehe, saa au mshahara, usihariri kimyakimya, kwani huenda namba ya kwanza imeshaingia kwenye jedwali, ongeza ujumbe mpya: "Nimerekebisha hapo juu: ni Jumanne tarehe 14, si tarehe 15."

Kibandiko kilichokusudiwa rafiki kikienda kwa afisa, kifute kwa wote haraka. Kitaacha alama kwamba ujumbe umefutwa, hivyo andika mstari mmoja: "Samahani, huo ulikuwa wa mtu mwingine." Usieleze zaidi. Sauti ndefu uliyokwisha kuituma usiifute kama tayari ameisikiliza. Iandikie muhtasari chini yake wenye siku, mshahara na tarehe ya kuanza. Kama hajaisikiliza, ifute, andika yaleyale kwa maneno, na useme, "Nimeiandika ili iwe rahisi kwako kuisoma."